Kuingia kumekataa: jinsi ya kukusanya ushahidi kwenye kivinjari kabla ya kuiandikia timu ya msaada

Kazi yangu ni kupokea malalamiko ya watu walioshindwa kuingia kwenye akaunti zao. Ujumbe ninaoupata mara nyingi zaidi huwa hivi: "Naweka nenosiri, ukurasa unazunguka, halafu narudishwa palepale." Anayeandika hivyo anasema kweli tupu. Tatizo ni kwamba maneno hayo yanafaa makosa mengi yasiyofanana. Mhandisi akijaribu mwenyewe anaingia bila shida, anajibu kwamba haoni kosa, na kesi inafungwa huku mwenzetu bado yuko nje ya mlango.

Siku moja dada mmoja wa idara ya uhasibu alituandikia: "Kaka, asubuhi niliingia vizuri. Jioni imenikataa mara tatu, na nenosiri ni lilelile. Nikitumia Firefox inakubali. Nifanyeje?" Wahandisi walikwisha kujaribu na kuingia kwa Chrome kama yeye. Kilichofumbua fumbo lile ni mafaili mawili na picha moja ya skrini, na vyote alivitoa mwenyewe kwa dakika zisizofika ishirini, bila kuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Nitakupitisha njia hiyohiyo aliyopita yeye. Nitatumia Chrome, kwa sababu ndicho kivinjari alichokuwa nacho. Edge ina vitufe vilevile, na tofauti za Firefox na Safari nitazitaja zinapokuja.

## Kabla ya kugusa chochote

Usifute kuki, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari, na usisafishe kivinjari. Najua huo ndio ushauri wa kwanza ambao kila mtu hupewa, na wakati mwingine husaidia. Lakini ukifuta kwanza unafuta pia hali iliyoleta kosa, na likirudi wiki ijayo utaanza upya. Kusanya ushahidi kwanza, ufute baadaye.

Vilevile usiendelee kujaribu kuingia tena na tena. Mifumo mingi huifunga akaunti baada ya majaribio kadhaa mabaya, na hapo kosa jipya litalifunika la zamani. Jaribio moja lililorekodiwa vizuri lina faida kuliko kumi yaliyopita hivihivi.

Kisha andika saa ya jaribio. Andika kwa mtindo wa saa 24 na utaje tofauti yako na UTC, yaani saa ya kimataifa, kwa mfano 20:14, UTC+3. Usiandike "saa mbili usiku". Barua yako inaweza kusomwa na mtu asiyehesabu saa kwa Kiswahili, naye atatafuta kwenye kumbukumbu za seva saa sita mbali na mahali kosa lilipo. Limenikuta hilo, tena zaidi ya mara moja.

## Fungua zana kabla ya ukurasa

Fungua kichupo kipya kisicho na kitu. Bonyeza `F12`, au `Ctrl+Shift+I`. Kwenye Mac ni `Cmd+Option+I`. Sehemu mpya itatokea pembeni au chini ya ukurasa: hizo ndizo zana za wasanidi. Juu yake kuna vichupo, chagua kilichoandikwa `Network`.

Kichupo hicho huandika kila ombi ambalo kivinjari kinatuma na kila jibu linalorudi, lakini huandika tu wakati zana ziko wazi. Ukizifungua baada ya kosa kutokea, hutaona kitu. Ndiyo maana tunaanza na kichupo kitupu, zana zikiwa tayari, kabla ya kuandika anwani ya tovuti.

Sasa weka alama kwenye kisanduku cha `Preserve log`. Hiki ndicho kitendo kinachosahaulika kuliko vyote, na bila hicho kazi yote ni bure. Kuingia kwenye akaunti ni safari ya kurasa kadhaa: unatoka ukurasa mmoja, unapelekwa wa pili, wa tatu, kisha unarudishwa. Kwa kawaida kivinjari hufuta orodha kila ukurasa unapobadilika. Matokeo yake, mistari yenye kosa hutoweka na kubaki ile ya ukurasa wa mwisho tu, ambao wala hauna kasoro. Nimepokea mafaili mengi ya namna hiyo: picha za nembo, fonti, rangi, na hakuna hata alama ya jaribio la kuingia.

Kwenye Firefox, fungua kwa `Ctrl+Shift+E`, kisha bofya alama ya gurudumu la meno na uchague `Persist Logs`. Kwenye Safari lazima kwanza uwashe `Show features for web developers` katika mipangilio ya `Advanced`, ndipo utaona kisanduku cha `Preserve Log` ndani ya `Network`.

Hakikisha kitufe cha duara juu kushoto ni chekundu, maana yake kinarekodi, na kwamba kichujio cha aina za maombi kiko `All`. Kisanduku cha `Disable cache` kiache bila alama. Watu wengi hukiwasha kwa mazoea, lakini tunataka kivinjari kifanye kazi vilevile kilivyokuwa kikifanya kosa lilipotokea.

Jambo dogo la pembeni: kama tovuti yako hufungua dirisha dogo la pili ili uingie humo, zana ulizofungua hazitalifuata dirisha hilo. Katika mipangilio ya zana kuna chaguo la `Auto-open DevTools for popups`. Liwashe kwanza.

## Ingia mara moja, kama kawaida yako

Andika anwani ya tovuti, bonyeza kitufe cha kuingia, weka jina na nenosiri. Fanya kwa mwendo wako wa siku zote. Kama msimbo wa simu huchelewa, usubiri kama unavyousubiri siku nyingine. Kama huwa unaanzia kwenye alamisho ya zamani, anzia hapohapo. Katika kisa cha dada yetu, mwendo ndio uliokuwa jibu lenyewe, ingawa wakati ule hakuna aliyelijua hilo.

Ukikataliwa, simama. Usionyeshe upya ukurasa, usifunge zana. Piga picha ya skrini nzima, anwani iliyo juu ikionekana.

## Kuisoma orodha

Huhitaji kuelewa kila mstari. Juu ya orodha kuna nafasi ya kuchuja. Unaweza kubofya `Doc` ili zibaki kurasa zenyewe, na `Fetch/XHR` ili uone maombi yanayotumwa chinichini. Tazama safu ya `Status`. Kama ombi lililobeba nenosiri limejibiwa `401`, mara nyingi seva imekataa jina au nenosiri. `429` ni kwamba umejaribu mara nyingi mno kwa muda mfupi. Kama mstari ni mwekundu na badala ya namba umeandikwa `(blocked:other)`, ombi halikutoka kabisa kwenye kompyuta yako, na mara nyingi kiendelezi cha kuzuia matangazo ndicho kilichoshika njia. Kichupo cha `Console` kitakuwa na maneno `ERR_BLOCKED_BY_CLIENT`.

Orodha ya dada yetu haikuwa na kimojawapo. Hakukuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Tukiondoa picha na fonti, ilikuwa hivi, saa zikiwa za UTC:

```
17:14:09  GET   portal.example.com/login/start  302
17:14:10  GET   id.example.net/authorize        200
17:14:41  POST  id.example.net/password         200
17:17:22  POST  id.example.net/otp              200
17:17:23  POST  portal.example.com/callback     302
17:17:23  GET   portal.example.com/login        200
```

Majina ya tovuti nimeyabadilisha, mengine ni kama yalivyokuwa. Namba `302` si kosa. Ni seva ikimwambia kivinjari "nenda kule". Kwa hiyo soma safari: tovuti ya kazini ilimpeleka kwenye tovuti nyingine inayothibitisha watu. Huko akaweka nenosiri, likakubaliwa. Akasubiri msimbo wa simu, akauweka, nao ukakubaliwa. Akarudishwa kwenye tovuti ya kazini, mstari wa tano, na tovuti ya kazini ikamtupa tena kwenye ukurasa wa kuingia.

Hapo tayari tunajua jambo kubwa ambalo barua yake isingeweza kutuambia. Nenosiri ni sahihi, msimbo ni sahihi, na tovuti ya kuthibitisha haina lawama. Kosa limetokea katika sekunde ile moja ya kurudi.

Bofya mstari unaoushuku. Upande wa kulia kutafunguka maelezo yake. Katika `Headers`, sehemu ya `Response Headers`, kuna kipengele cha `Location`, ambacho kinasema mtu ametumwa wapi. Kwake kiliandikwa `/login?error=state`. Papohapo tafuta kipengele chenye jina kama `x-request-id`. Si kila seva hukitoa, lakini kikiwepo nakili thamani yake yote, kwa sababu ndiyo namba ambayo wahandisi wataitumia kulipata ombi lako kati ya maelfu. Tazama pia `Date`. Hiyo ni saa ya seva. Ikipishana na saa ya kompyuta yako kwa dakika kadhaa, litaje hilo kwenye barua, kwani vibali vya kuingia huwa na muda, na kompyuta yenye saa mbovu inaweza kuviona vimekwisha kabla havijaanza.

Kama unahitaji kuona maneno ya jibu lenyewe kwenye kichupo cha `Response`, yatazame mapema na upige picha. Kivinjari kikishahama ukurasa, mara nyingi huyaacha maneno hayo hata kama `Preserve log` imewashwa, nawe utakuta ujumbe kwamba data imeshindwa kupakiwa.

## Picha ambayo faili halina

Neno `state` lilituelekeza kwenye kuki. Tovuti ya kazini inapomtuma mtu akathibitishwe kwingine, humwachia kuki ndogo, kama tikiti ya kuweka mzigo. Akirudi, tovuti inaitazama tikiti ili ijue kwamba huyu ndiye yuleyule aliyeondoka. Asipokuwa nayo, hapokelewi.

Ukibofya mstari wa kurudi na kufungua kichupo kidogo cha `Cookies`, utaona kuki zilizotumwa. Weka alama kwenye `show filtered out request cookies`. Sasa zinaonekana pia zile ambazo kivinjari kilikuwa nazo lakini kikakataa kuzituma, zikiwa na rangi ya manjano. Sogeza kishale juu yake na sababu itatokea kwa maandishi. Kwenye skrini ya dada yetu, kuki ya `login_state` ilikuwa ya manjano. Tikiti ilikuwa mfukoni, kivinjari kikakataa kuitoa.

Piga picha hapohapo. Hii ndiyo sehemu ninayoomba uisome mara mbili, kwa sababu faili tutakalolihamisha baadaye halibebi habari za kuki zilizozuiwa. Bila picha, ushahidi mzito kuliko wote unabaki kwenye skrini yako na kupotea ukifunga dirisha. Kabla ya kupiga, vuta mpaka wa safu ya `Value` hadi thamani zifichike. Tunahitaji majina ya kuki na sifa zake, hasa safu za `SameSite`, `Secure` na `Domain`. Thamani hatuzihitaji.

Rudi pia kwenye mstari wa kwanza, ule wa `/login/start`, ambako kuki iliwekwa. Kwenye majibu yake tuliona hivi:

```
Set-Cookie: login_state=...; Path=/; Secure; HttpOnly
```

Kilichokosekana hapo ni `SameSite`. Tangu 2020, Chrome ikikuta kuki isiyo na sifa hiyo huichukulia kuwa `Lax`, yaani isitumwe pamoja na ombi la `POST` linaloanzia tovuti nyingine. Na mstari wake wa tano ulikuwa `POST` kutoka tovuti nyingine kabisa.

Mbona basi asubuhi aliingia? Kwa sababu Chrome iliacha upenyo, ili tovuti za zamani zisivunjike zote kwa siku moja: kuki isiyo na `SameSite` ambayo haijatimiza dakika 2 tangu kuwekwa inaruhusiwa kupita katika safari ya aina hiyo. Tazama tena saa. Kuki iliwekwa 17:14:09, akarudi 17:17:23. Ni dakika 3 na sekunde 14. Jioni ile msimbo wa simu ulichelewa. Asubuhi ulifika haraka. Wahandisi nao, simu zikiwa mkononi, walikuwa wakimaliza ndani ya dakika moja kila walipojaribu. Na Firefox ilimkubalia kwa sababu kwa kawaida yake haiichukulii kuki kama hiyo kuwa `Lax`.

## Rekodi ya pili, iliyofanikiwa

Tulimwomba arudie, safari hii akifungua simu mapema ili aweke msimbo mara tu unapoingia. Aliingia. Kutoka mstari wa kwanza hadi wa kurudi zilipita sekunde 53, na kuki ya `login_state` ilikuwa miongoni mwa zilizotumwa, bila manjano.

Kama kosa lako huja na kwenda, jitahidi upate rekodi zote mbili, ya kukataliwa na ya kukubaliwa, kila moja kwenye faili lake. Ziweke kando kwa kando na tofauti hujitokeza yenyewe. Kati ya rekodi hizo mbili, bonyeza alama ya duara lenye mstari ili ufute orodha, utoke kwenye akaunti, uanze na kichupo kipya.

Dirisha la hali fiche pia linafaa kwa kulinganisha, kwa kuwa huanza bila kuki za zamani na kwa kawaida bila viendelezi. Ukiingia vizuri humo ilhali dirisha la kawaida linakataa, liandike hilo. Lakini lisiwe mbadala wa rekodi ya dirisha lenye kosa.

## Kuhamisha faili

Katika `Network`, juu ya orodha, kuna alama ya mshale unaoelekea chini. Ibofye na uhifadhi. Faili litakalotoka lina mwisho wa `.har`. Kwenye Firefox tumia gurudumu la meno, `Save All As HAR`. Kwenye Safari ni `Export`. Lipe jina linalojieleza, kama `kukataliwa-20-14.har`.

Nenda pia kwenye `Console`. Kama kuna maandishi mekundu, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake na uchague `Save as...`. Fahamu kwamba `Console` ina `Preserve log` yake yenyewe ndani ya mipangilio yake, tofauti na ile ya `Network`.

Kuanzia toleo la 130, Chrome huhamisha faili lililopunguzwa siri: huondoa kuki na kipengele cha `Authorization`. Lenye siri zote linahitaji kuruhusiwa kwanza kwenye mipangilio ya zana. Usiliruhusu isipokuwa timu ya msaada imekueleza kwa nini inalitaka. Kwa Firefox usitegemee kupunguziwa: chukulia kwamba kila kitu kimo, kuki zikiwamo.

## Siri zilizobaki ndani

Hapa ndipo watu waangalifu huteleza. Wakisoma kwamba faili limepunguzwa siri, wanalituma. Lakini Chrome haiondoi maneno uliyoandika kwenye fomu. Nenosiri lako limo, kwa maandishi ya kawaida, katika ombi la `POST` ulilotuma. Vibali vya kuingia vilivyorudi ndani ya majibu vinaweza kuwamo pia.

Hatari hii imekwisha kuonekana. Oktoba 2023 Okta, kampuni inayotoa huduma za kuingia kwenye akaunti, ilitangaza kwamba mtu aliyeiba ufunguo aliingia kwenye mfumo wake wa kuhudumia wateja na kuyafikia mafaili waliyopakia. Mafaili ya wateja 134 yalifikiwa, baadhi yakiwa ni HAR zenye vibali vya kuingia, na wateja 5 akaunti zao ziliingiliwa kwa kutumia vibali hivyo. Wateja walikuwa wamefanya hasa walichoombwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua faili kwa programu ya kawaida ya maandishi, maana ndani ni maandishi tu. Tafuta nenosiri lako lenyewe. Sehemu inayohusika huonekana hivi:

```
"postData": {
  "text": "user=asha&password=Mvua%4077",
  "params": [
    { "name": "password", "value": "Mvua%4077" }
  ]
}
```

Angalia mambo mawili. Nenosiri limeandikwa mara mbili, katika `text` na katika `params`, kwa hiyo kufuta moja hakutoshi. Tena nenosiri lenyewe ni `Mvua@77`, lakini alama ya `@` imegeuzwa kuwa `%40`. Ukitafuta `Mvua@77` utaambiwa halimo, nawe utatuma faili ukiwa na amani isiyo na msingi. Tafuta kipande chenye herufi na tarakimu tupu, kama `Mvua`, kisha badilisha kila kinachopatikana kwa neno `IMEONDOLEWA`. Usiguse alama za nukuu, mabano wala mikato, la sivyo faili halitafunguka tena upande wa pili.

Baada ya hapo tafuta `access_token`, `refresh_token`, `id_token` na `SAMLResponse`, uzifute thamani zake kwa namna hiyohiyo. Acha majina. Usifute anwani za maombi, namba za `status` wala vipengele vya `startedDateTime`, kwani bila hizo saa hakuna ambaye angegundua zile dakika tatu.

Kisha toka kwenye akaunti kwa kitufe chake rasmi, na ubadilishe nenosiri. Hata kama umefuta kwa makini, badilisha. Kama kazini kuna akaunti ya majaribio ambayo nayo hukataliwa, rekodi kwa hiyo tangu mwanzo, nawe utajiepusha na hofu nyingi.

Na mtu akikuambia ubandike maneno fulani ndani ya `Console` ili "akusaidie", kataa. Ushahidi wa kuingia unasomwa na kuhamishwa tu. Maneno yanayobandikwa hapo hufanya kazi kwa mamlaka ya akaunti yako, na hiyo ni njia ya wizi inayojulikana.

## Barua yenyewe

Tuma kupitia ukurasa rasmi wa msaada. Usipakie faili kwenye kundi la gumzo wala mahali pa wazi. Barua ya dada yetu, baada ya kusahihishwa kidogo, ilikuwa hivi:

"Habari za kazi. Nimekataliwa kuingia leo saa 20:14, UTC+3, kwa Chrome kwenye Windows. Nenosiri na msimbo wa simu vilikubaliwa, lakini ombi la kurudi `/callback` lilijibiwa `302` kwenda `/login?error=state`. Namba ya ombi nimeiandika chini. Picha inaonyesha kuki ya `login_state` haikutumwa. Msimbo ulinifikia kama dakika tatu baadaye. Saa 20:31 nilijaribu tena, msimbo ukaja upesi, nikaingia. Firefox inakubali kila mara. Nimeambatanisha HAR mbili, nenosiri nimeliondoa."

Barua hiyo haina dhana wala lawama. Kila sentensi ina kitu cha kwenda kukitazama. Mhandisi aliyeipokea hakuuliza swali hata moja. Aliingia, akaweka nenosiri, akauacha msimbo dakika tatu bila kuuandika, na kosa likamtokea mbele ya macho yake kwa mara ya kwanza.

Dawa ilikuwa kuitaja sifa iliyokosekana kwenye ile kuki moja:

```
Set-Cookie: login_state=...; Path=/; Secure; HttpOnly; SameSite=None
```

Tulimwomba dada yetu arekodi mara ya mwisho, asubiri dakika nne nzima kabla ya kuweka msimbo. Alituma picha ya kichupo cha `Cookies`: `login_state` imo kwenye orodha, haina manjano, na safu ya `SameSite` inasomeka `None`. Kesi ikafungwa siku hiyo, nasi tukayafuta mafaili yake yote kwenye mfumo wetu na kumjulisha afute ya kwake.